Usikalibrishe upya kabla ya kujua kilichohama

*Mwalimu, habari za kazi. Niko maabara ya kiwanda cha spiriti huku ukanda wa miwa, karibu na Kisumu. Tunapima methanoli kwenye spiriti ya asilimia 96 kwa mashine ya kromatografia ya gesi, GC, yenye kigunduzi cha mwali, FID, na kilinganishi cha ndani ni pentanoli-3. Mchanganyiko wetu wa ukaguzi una miligramu 100 kwa lita za kila kimoja. Tangu Januari usomaji unashuka. Eneo la methanoli, kisha la pentanoli: wiki ya 1, 33.1 na 100.4, wiki ya 4, 30.2 na 91.6, wiki ya 7, 27.1 na 82.0, wiki ya 9, 24.2 na 78.8. Kuanzia wiki ya 7 natumia kichupa kilekile. Meneja aliniambia nikalibrishe upya, nikafanya hivyo kwa mchanganyiko huohuo, na sasa tangi moja limesoma 51.2 wakati mteja hataki lizidi 50. Je, kigunduzi kimechoka? Na ni sawa kukalibrisha kila asubuhi kama meneja anavyotaka?*

Dada, umeniletea namba, na hizo ndizo zinazonipa pa kuanzia. Wengi huniandikia tu kwamba "mashine inasoma chini". Kwa maoni yangu una matatizo mawili yaliyopandana. La kwanza liko kwenye mashine na halijagusa majibu yako hata kidogo. La pili liko ndani ya kichupa, na hilo ndilo lililokupa 51.2. Kukalibrisha upya kumefunika la kwanza na kuliingiza la pili kwenye hesabu.

Chukua karatasi ugawe eneo la methanoli kwa eneo la pentanoli, wiki baada ya wiki. Wiki ya 1 utapata 0.330. Ya 4, 0.330. Ya 7, 0.330. Ya 9, 0.307. Kwa wiki saba vilele vyote viwili vilishuka kwa karibu asilimia 18, lakini vilishuka pamoja, kama abiria wawili wa matatu moja. Kisha kati ya wiki ya 7 na ya 9 wakaachana. Kushuka pamoja na kuachana ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Nieleze kwanza hiyo 0.330 ni nini, maana kwenye maabara nyingi imo kwenye programu na hakuna anayeitazama. Ni kigezo cha mwitikio cha methanoli kikilinganishwa na pentanoli:

```
RRF = (A_m / A_k) / (C_m / C_k)
C_m = C_k × (A_m / A_k) / RRF
```

`A` ni eneo la kilele, `C` ni kiasi kwa miligramu kwa lita, `m` ni methanoli na `k` ni kilinganishi. Kwako viwango vyote viwili ni 100, kwa hiyo uwiano wa maeneo ndio kigezo chenyewe. Kwamba kigezo kiko karibu na theluthi moja si ajabu. Mwali wa FID huhesabu kaboni zinazoungua, na kaboni iliyoshikamana na oksijeni huhesabiwa kwa sehemu tu. Methanoli ina kaboni moja, nayo imeshikamana na oksijeni. Pentanoli ina tano na moja tu ndiyo iliyoshikwa. Kwa uzito uleule, methanoli lazima itoe kilele kidogo zaidi. Ukiona kigezo cha methanoli dhidi ya pentanoli kinasoma 0.9 usifurahie unyeti wa mashine; kuna kitu kingine kimejificha chini ya kilele hicho. Na ukiona mtu anapima methanoli bila kigezo, kwa kulinganisha maeneo tu, jua anaripoti theluthi ya kilichomo.

Jambo muhimu hapa ni kwamba kigezo hiki ni mali ya kemia ya mwali zaidi kuliko ya afya ya mashine. Kigunduzi kikipoteza asilimia 18 ya unyeti wake, methanoli na pentanoli hupoteza karibu sawasawa, na uwiano unabaki. Ndiyo sababu tunaweka kilinganishi cha ndani. Sampuli zako zote za wiki ya 1 hadi ya 7 ziko salama, usizirudie.

Sasa, ni kweli ni kigunduzi kilichoshuka? Vilele viwili kushuka pamoja kunaweza pia kutoka kwenye mlango wa sindano: septamu iliyotoboka ikavuja, au mgawanyo uliobadilika, au bomba la sindano linalovuta pungufu. Sindano mbovu huwa inajitangaza, kwa kuwa maeneo hurukaruka kutoka sindano moja hadi nyingine. Wewe una mteremko laini, pentanoli ikishuka kwa 3 hivi kila wiki, kwa hiyo sindano naiachia nje. Kutofautisha mlango na kigunduzi kuna njia moja ninayoipenda kwa sababu haihitaji kununua kitu. Endesha programu yako ya joto bila kudunga chochote, kisha tazama mstari wa msingi. Tanuri likipanda, kolamu humwaga mabaki yake kidogo na mstari huinuka. Umwagaji huo hautoki mlangoni, unatoka kwenye kolamu yenyewe na kuingia moja kwa moja kwenye mwali. Linganisha na mwendo mtupu wa Januari. Naamini umeuhifadhi, na kama hukuuhifadhi anza leo. Kama Januari mstari uliinuka kwa pikoampea 6.0 kati ya joto la chini na la juu, na sasa unainuka kwa 4.9, basi mwali unaona asilimia 82 ya ulichokuwa ukiona, sawa kabisa na vilele vyako vya wiki ya 7, na mlango wa sindano hauna kesi. Ukiinuka kwa 6.0 kama zamani, kigunduzi ni kizima na unapaswa kubadilisha septamu na kusaka uvujaji. Si ushahidi wa mahakamani, kwa sababu kolamu ikiingiwa na oksijeni humwaga zaidi, lakini kwa wiki saba hunitosha.

Ikithibitika ni kigunduzi, usikimbilie kuagiza kipya. Pima mitiririko kwa kipima mtiririko ukikiweka kwenye mdomo wa kigunduzi, mwali ukiwa umezimwa, gesi moja baada ya nyingine. Usiamini skrini. Skrini nyingi huonyesha mtiririko unaokisiwa kutoka kwenye shinikizo nyuma ya kizuizi, na jeti, yaani kitundu anapokaa mwali, ikiziba mbele yake skrini itaendelea kuandika 30 kwa utulivu kabisa. Kwa kawaida haidrojeni huwa kati ya mililita 30 na 40 kwa dakika, na hewa kama mara kumi yake.

Niliwahi kukutana na mteremko kama wako kwenye kiwanda kimoja huku huku magharibi. Skrini ilisema 35, kipimo kikasema 26. Tulipoifungua jeti, mdomoni mlikuwa na unga mweupe kama chokaa ya uashi. Huo ni silika: kolamu ya awali ilikuwa ya silikoni, na mabaki ya silikoni yakiungua kwenye mwali hugeuka mchanga laini. Hutoka kwa waya mwembamba na bafu ya mawimbi ya sauti, au badilisha jeti kabisa, ni kitu cha bei ndogo. Kabla ya kugusa chochote hapo funga haidrojeni kwenye mtungi na upooze kigunduzi. Haidrojeni isiyoungua ikijaa ndani ya tanuri hulipuka.

Ukimaliza, chora mchoro ambao fundi wa kampuni hakuuchora siku ya usimikaji: dunga mchanganyiko mmoja ukibadilisha haidrojeni, 25, 30, 35, 40, na uone eneo la kilele. Litapanda, litatulia juu, kisha litashuka. Weka mtiririko palepale juu penye utambarare. Hapo mtiririko ukicheza kidogo eneo halichezi. Ukiwa kwenye mteremko, kila mtikisiko wa rejuleta unakuja kwenye majibu.

Sasa wiki ya 9, ambako abiria waliachana. Pentanoli ilikuwa ikishuka kwa takriban 3.1 kila wiki. Kwa mwendo huo wiki ya 9 ingepaswa kusoma karibu 75.8. Wewe umepata 78.8, yaani imepanda asilimia 4 juu ya mstari wake. Methanoli ingepaswa kusoma 25.0 (ni 75.8 mara 0.330), nawe umepata 24.2, yaani imeshuka asilimia 3 chini ya mstari wake. Kigunduzi hakiwezi kufanya hivi, kupandisha kimoja na kushusha kingine. Kinachofanya hivi ni kuvukiza. Kwenye spiriti ya asilimia 96 karibu kila kitu ni ethanoli, na ethanoli huchemka kwenye 78. Methanoli huchemka kwenye 65, kwa hiyo hutoroka haraka kuliko ethanoli na kiwango chake hushuka. Pentanoli-3 huchemka karibu na 116, hubaki nyuma na kiwango chake hupanda. Nimepiga hesabu, na tofauti uliyoipata inahitaji kichupa kupoteza takriban asilimia 5 tu ya kilichomo. Kwenye kichupa cha mililita 1.5 hiyo ni kama miligramu 60, tone tatu nne. Kifuniko kilichotobolewa mara ishirini, kikakaa kwenye trei mchana wa Kisumu, kitapoteza hizo bila hata kukuaga.

Hapa niongeze jambo ambalo limewahi kunitia aibu mbele ya mkaguzi. Maelezo haya ya nyuzi za kuchemka ni ya spiriti kali. Mchanganyiko ukiwa umepunguzwa kwa maji hadi asilimia 40, usiyategemee: maji huzisukuma nje alkoholi zenye mnyororo mrefu, na pentanoli huweza kutoroka haraka kuliko methanoli ingawa huchemka mbali zaidi. Hapo kigezo kitahama upande wa pili, kwenda juu. Nilimwambia mkaguzi kwa kujiamini kwamba uvukizaji daima hushusha kigezo cha methanoli. Alinitazama, akaomba karatasi za maabara ya bia ya jirani, na nikajua nimekwisha.

Kuthibitisha, tengeneza mchanganyiko mpya, na usiutoe kwenye chupa ileile ya Januari. Pima methanoli safi upya. Pima kwa mizani, si kwa bomba. Chupa za ujazo zimetengenezwa kwa nyuzi 20, na maabara yako alasiri iko 30. Ethanoli hutanuka karibu asilimia moja kwa tofauti hiyo, hiyo ni theluthi ya uhamaji wa methanoli ninaoutafuta. Weka spiriti safi kama mililita 60 kwenye chupa ya mililita 100, iweke mizanini, ongeza gramu 1.000 ya methanoli, jaza hadi mstari. Hiyo ni 10,000. Chukua 10 ujaze 100, unapata 1,000. Kutoka hapo mililita 2.5, 5, 10 na 20, kila moja kwenye chupa ya 100, zinakupa 25, 50, 100 na 200. Pentanoli iandalie chupa yake ya 10,000 na uweke mililita 1 katika kila mchanganyiko. Fanya kazi hii asubuhi, chupa na spiriti zikiwa zimelala chumba kimoja.

Kisha piga kigezo kwa kila kiwango peke yake, usiridhike na mstari uliochorwa na programu na namba yake ya tisa tisa tisa. Ukipata kama 0.334, 0.328, 0.330, 0.329, umemaliza, wastani ni 0.330 na mtawanyiko hauzidi asilimia moja. Lakini ukipata 0.356, 0.343, 0.337, 0.333, kigezo kinachopanda kadiri unavyoshuka viwango, basi spiriti uliyotengenezea ina methanoli yake mwenyewe, na kwa namba hizo ni miligramu 2 kwa lita. Ni kosa la kawaida sana kwenye viwanda vya spiriti, kwa sababu mtu huchota tu spiriti ya tangini. Spiriti ya molasi huwa na methanoli kidogo, kwa kuwa methanoli hutokana na pektini na molasi haina pektini nyingi kama matunda, lakini kidogo si sifuri. Dunga spiriti tupu yenye pentanoli, pata uwiano wake, utoe kwenye viwango vyote.

Mchanganyiko mpya ukirudisha 0.330, kesi imefungwa. Ukibaki kwenye 0.307, nimekosea mimi, na tuhamie kwenye kolamu. Kwenye kolamu nyingi za spiriti methanoli hutoka mbele kidogo ya mlima wa ethanoli. Kolamu ikizeeka, mguu wa mlima huo husogea mbele na programu hukata kilele cha methanoli mahali pabaya. Vuta picha uikuze uone mstari wa kukatia umewekwa wapi, Januari na sasa. Kilele chenye mkia mrefu nacho kitakuambia mjengo wa kioo wa mlangoni umechafuka.

Sasa la meneja. Kukalibrisha kila asubuhi kunamaanisha kila asubuhi unaiambia mashine "chochote unachokiona leo kwenye kichupa hiki ni 100". Kichupa kikiwa kimevukiza, mashine inatii. Kinachokosekana si kalibresheni bali ukaguzi ambao hauruhusiwi kubadilisha kigezo. Dunga mchanganyiko wa ukaguzi mwanzoni, baada ya kila sampuli kumi, na mwishoni, na uchore grafu mbili. Moja ni ya eneo la pentanoli peke yake. Hiyo ni afya ya mashine, nayo iache ishuke polepole. Mimi huita fundi ikifika asilimia 20 chini ya siku ya kwanza, na wewe umekaribia 22. Ya pili ni ya uwiano. Hiyo ni afya ya majibu, na haina ruhusa ya kutembea. Dunga mara ishirini kwa siku kadhaa mashine ikiwa nzima, pata wastani na mkengeuko sanifu, chora mistari ya mikengeuko mitatu juu na chini. Nukta ikitoka nje, simamisha kazi. Na hata zikiwa ndani, nukta saba mfululizo upande mmoja wa wastani si bahati, anza kuuliza. Sampuli zilizo kati ya ukaguzi wa mwisho mzuri na wa kwanza mbaya hurudiwa zote.

Kichupa cha ukaguzi fungua kipya kila siku kutoka kwenye chupa ndogo zilizojazwa hadi shingoni na kuwekwa frijini, na uziache zipate joto la chumba kabla ya kufungua. Mimi huandika uzito wa kila chupa kwa kalamu ubavuni siku ya kuijaza. Nikitaka kuifungua naipima tena. Ikiwa imepungua zaidi ya asilimia moja naimwaga, sina mjadala nayo.

Usiazime kigezo cha mashine nyingine pia, hata ya chapa ileile. Kwa kilinganishi cha ndani utakuta vinakaribiana, na ukaribu huo ndio unaodanganya watu. Kwa wenzako wanaopima biogesi bila kilinganishi, kwa kigunduzi cha joto na kitanzi cha gesi, ni hatari zaidi: kitanzi hujaa kwa shinikizo la hewa ya mahali. Kisumu iko mita 1,131 na Nakuru karibu 1,850, kwa hiyo kitanzi kilekile kikipelekwa Nakuru kinabeba gesi pungufu kwa takriban asilimia 8. Mtu aliyehama na kalibresheni yake ya Kisumu ataripoti methani pungufu na kulaumu mavi ya ng'ombe.

Kuhusu tangi lako: lilisomwa kwa kigezo cha 0.307. Mchanganyiko mpya ukithibitisha 0.330, huhitaji hata kudunga upya, chukua 51.2 uzidishe kwa 0.307 ugawe kwa 0.330. Utapata 47.6, nalo linapita. Hata hivyo mimi ningelidunga tena mara tatu na mchanganyiko mpya kabla na baada, kwa sababu 47.6 iko karibu sana na 50 kwa mtu ambaye jeti yake bado haijasafishwa. Matangi mengine yote ya baada ya kalibresheni hiyo yapige hesabu hiyohiyo, na kwenye daftari usifute namba za zamani. Zikate kwa mstari mmoja, andika mpya pembeni, tarehe na sahihi.